Kanzu tatu za Yusufu: Mwanzo na Kurani zinapoachana njia

Uliza swali hili popote Nairobi: yule bwana wa Misri aliyemtia Yusufu gerezani, alijua kwamba kijana hana hatia? Mkristo aliyekulia kwenye shule ya Jumapili atakwambia hakujua, alidanganywa na mkewe. Mwislamu aliyepita madrasa ya Pumwani au Eastleigh atakwambia alijua vizuri sana, na Yusufu akafungwa hivyo hivyo. Kila mmoja amesimulia kitabu chake alivyofundishwa. Ugomvi unaanza pale mmoja anapodhani mwenzake amesahau kisa.

Na katika mji huu ugomvi huo haukawii kuzuka, maana tunakaa ploti moja, tunaoana, na watoto wanasoma darasa moja mpaka kengele ya kipindi cha dini ilie. Niliwahi kuusikia Majengo, kwenye baraza, kina mama wawili wakisubiri mafuta ya mandazi yapate moto.

"Lakini Bi Zuhura," akasema Mama Njeri, "si yule mwanamke alibaki na nguo mkononi?"

"Nguo mkononi wapi? Kanzu ilipasuka mgongoni, mwenzangu. Na mumewe akaiona kwa macho yake."

"Sasa kama aliiona, kwa nini alimfunga?"

Bi Zuhura akacheka. "Hilo ndilo swali."

Ndilo kweli, na jibu lake limelala kwenye ile kanzu.

Kwanza mipaka ya kila simulizi, tuipite haraka. Katika Biblia kisa kiko kitabu cha Mwanzo, sura ya 37 mpaka ya 50, kikikatizwa na sura ya 38 inayomhusu Yuda na Tamari. Katika Kurani kiko Sura ya 12, Surat Yusuf, yenye aya 111, iliyoshuka Makka. Habari za Musa au Ibrahim ndani ya Kurani zimetawanyika sura nyingi, kipande hapa kipande pale, lakini ya Yusufu inaanza na kwisha mahali pamoja, na aya ya 3 inaiita simulizi nzuri kuliko zote. Ili tusichanganyikiwe, baba nitamwita Yakobo ninapokuwa kwenye Mwanzo na Yaakub ninapokuwa kwenye Kurani. Mwana atabaki Yusufu kote.

Wengi wakilinganisha hesabu yao ni ya nani ameacha nini. Kurani haitaji jina la Potifa, yule bwana wa Misri, haimtaji kwa jina Benyamini, mdogo wake Yusufu, haina mke wa Yusufu wala wanawe Manase na Efraimu. Mwanzo haina karamu ya wanawake waliojikata mikono. Orodha kama hiyo unaweza kuijaza kurasa tatu na bado usielewe chochote. Mimi naona njia bora ni kushika kitu kimoja kinachopita ndani ya simulizi zote mbili na kukifuata mpaka mwisho, na kitu hicho ni nguo ya Yusufu. Katika Kurani kanzu yake inatokea mara tatu, na kila inapotokea inasema kweli. Katika Mwanzo nguo yake inatumika mara mbili kama ushahidi, na mara zote mbili ni ushahidi wa uongo.

Tuanze na ile ya damu.

Katika Mwanzo 37 Yusufu ana miaka 17. Baba yake anampenda kuliko wenzake kwa kuwa ni mwana wa uzee wake, naye amemshonea kanzu ya pekee. Kijana mwenyewe hana simile: anapeleka kwa baba habari mbaya za kaka zake, anaota ndoto mbili za kuinamiwa, na zote mbili anawasimulia hao hao watakaoinama. Ndoto ya pili, ya jua, mwezi na nyota kumi na moja, inamfanya hata baba amkemee. Kisha Yakobo mwenyewe anamtuma Shekemu akawaangalie kaka zake. Wanamwona akija kwa mbali huko Dothani, wanamvua kanzu, wanamtupa kwenye shimo kavu lisilo na maji, wanaketi kula chakula. Yuda ndiye anayetoa wazo la kumuuza, na bei inakuwa vipande 20 vya fedha. Halafu wanachinja mbuzi, wanachovya kanzu kwenye damu, wanaipeleka kwa baba na kumwambia: tumeiona hii, hebu itambue, ni ya mwanao au siyo?

Angalia ujanja wa maneno hayo. Hawakusema Yusufu ameliwa. Walimpa mzee kanzu wakamwachia aseme mwenyewe, naye akasema: ni kanzu ya mwanangu, mnyama mkali amemla. Uongo wote ulitoka kwenye nguo na kwenye kinywa cha aliyedanganywa. Wasomaji wa Kiyahudi tangu zamani wameona kisasi kimejificha hapo, kwa sababu Yakobo naye, sura kumi nyuma, alimdanganya baba yake Isaka aliyekuwa haoni, kwa kuvaa nguo za Esau na kujifunga ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Aliyedanganya kwa mbuzi na nguo akadanganywa kwa mbuzi na nguo. Mwanzo haisemi neno juu ya hilo. Inaviweka vitu viwili mbele yako na kuendelea na safari.

Sasa njoo Surat Yusuf. Ndoto ni moja, na Yusufu anamsimulia baba yake peke yake. Yaakub hamkemei. Anamwambia asiwasimulie ndugu zake wasije wakamfanyia vitimbi, kisha anamweleza kwamba Mungu atamteua na kumfundisha tafsiri ya mambo. Kwa hiyo tangu aya ya 6 baba anajua mwanawe anakokwenda. Safari ya nyikani hakuituma yeye. Ndugu wanamwomba awape kijana wakacheze naye, na baba anasita: naogopa mbwa mwitu asije akamla nanyi mmeghafilika naye. Jioni wanarudi wakilia, na kisingizio walichokuja nacho ni mbwa mwitu yule yule aliyetajwa na mzee kabla hawajaondoka. Hata uongo wenyewe waliuazima kwake.

Wanatoa kanzu yenye damu. Aya ya 18 inatuambia papo hapo kwamba ni damu ya uongo, na Yaakub hahitaji kuambiwa. Jibu lake ni kwamba nafsi zao zimewashawishi kufanya jambo, basi kwake ni subira njema, na Mungu ndiye wa kuombwa msaada. Alijuaje? Kurani haielezi. Wafasiri wa mwanzo walijaza pengo hilo kwa maelezo ambayo watoto wa madrasa huyapenda sana: kanzu ilikuwa na damu lakini haikuwa na tundu wala mpasuko, mzee akaigeuzageuza akasema, mbwa mwitu huyu alikuwa mpole kweli, kamla mwanangu bila kumchania nguo. Maneno hayo ni ya tafsiri, hayamo kwenye aya, ila yanaonyesha wafasiri walivyoielewa sura: wahalifu walisahau kwamba nguo nayo ina la kusema.

Simulizi zimeshaachana hapa, na hazitakutana tena mpaka mwisho. Yakobo wa Mwanzo anaamini mwanawe amekufa. Anararua mavazi yake, anavaa gunia, anakataa kufarijiwa. Yaakub wa Kurani haamini hata kidogo. Analia miaka yote hiyo mpaka macho yanakuwa meupe kwa huzuni, lakini anaomboleza mtu anayemjua yu hai. Wanawe wanapomwambia atajimaliza kwa kumkumbuka Yusufu, anajibu kwamba anajua kutoka kwa Mungu wasiyoyajua wao, na katika aya ya 87 anawatuma warudi wakamtafute Yusufu na ndugu yake, wasikate tamaa. Hakuna anayemtuma mtu kutafuta maiti. Linganisha na Yakobo wa Mwanzo 42, anayewalalamikia wanawe kwamba wamemwondolea watoto: Yusufu hayuko, Simeoni hayuko, na sasa mnataka kumchukua Benyamini.

Kanzu ya pili ndiyo ya Mama Njeri na Bi Zuhura, na hapa ni lazima twende hatua kwa hatua.

Mwanzo 39: Potifa, mkuu wa walinzi wa Farao, amemnunua Yusufu na kumwachia nyumba yote. Mke wa Potifa anamtaka. Yusufu anakataa kwa hoja mbili: bwana wangu hakunizuilia kitu ila wewe, na tena nitafanyaje ubaya huu nikamkose Mungu. Mwanamke haachi, siku baada ya siku. Siku moja hakuna mtu ndani, anamkamata nguo, naye anaiacha mkononi mwake na kukimbia nje.

Nguo haikupasuka, na kwa hiyo haiwezi kueleza lolote. Inabaki kitu ambacho mwenye kukishika atakisemea apendavyo, na mwanamke anakisemea mara mbili. Kwanza anawaita watu wa nyumbani na kuwaambia mume wake "ametuletea" Mwebrania atudhihaki. Anajiweka upande wao, wenyeji dhidi ya mgeni. Mume anaporudi, maneno yanageuka: yule mtumwa wa Kiebrania "uliyetuletea", lawama ikiangukia mlangoni kwa Potifa mwenyewe. Na kuna badiliko dogo zaidi ambalo ni rahisi kulipita. Msimulizi anasema nguo ilibaki mkononi mwake. Mwanamke, mara zote mbili, anasema aliiacha kando yake. Tofauti ya mkononi na kando ndiyo kesi nzima: nguo iliyo mkononi mwangu niliivuta, iliyo kando yangu uliivua mwenyewe. Hakuna mtu ndani ya nyumba ile anayelishika neno hilo. Anayelishika ni msomaji, na msomaji hana wa kumwambia.

Potifa anasikia, hasira yake inawaka, anamtia Yusufu gerezani. Hapa niongeze jambo ambalo Mama Njeri angelifurahia. Andiko halisemi hasira ilimwakia nani. Mtumwa aliyetuhumiwa kumvamia mke wa bwana wake alitarajiwa kuuawa, na huyu amepelekwa gereza la wafungwa wa mfalme, ambalo Mwanzo 40 inasema limo ndani ya nyumba ya mkuu wa walinzi. Wafafanuzi wamekisia kwamba Potifa alikuwa na shaka na mkewe. Huenda. Mwanzo imeacha ufa mlangoni lakini haikufungua mlango.

Kurani inaufungua wote. Katika aya ya 23 mwanamke anafunga milango na kumwita. Yusufu anajikinga kwa Mungu. Aya ya 24 ina maneno mazito, kwamba mwanamke alimtamani, naye angemtamani lau si kuona dalili ya Mola wake, na wafasiri wamegombania kila neno la aya hiyo kwa karne nyingi. Nitaje moja tu. Walipojiuliza ni dalili gani aliyoiona, baadhi yao walisimulia kwamba alitokewa na sura ya baba yake. Talmudi ya Wayahudi, katika mjadala wa Sota, nayo inasema sura ya baba yake ilimtokea dirishani saa ile ile. Maandiko yenyewe yanaachana, halafu wafafanuzi wa pande mbili wanakutana kwenye dirisha moja.

Turudi mlangoni. Wote wawili wanakimbilia mlango, Yusufu ili atoke, mwanamke ili amzuie, na anamvuta kanzu kwa nyuma inapasuka. Mlango unafunguka, na mume yuko pale. Mwanamke anawahi kusema: malipo ya aliyemtakia mkeo ubaya ni nini ila kifungo au adhabu kali? Katika Mwanzo Yusufu hapewi nafasi ya kusema neno katika kesi yake. Hapa anasema sentensi moja: yeye ndiye aliyenitaka. Sasa ni neno la huyu na neno la yule, na ndipo anapojitokeza shahidi kutoka jamaa za mwanamke na kuweka kanuni. Kama kanzu imechanwa mbele, mwanamke amesema kweli. Kama imechanwa nyuma, amesema uongo na kijana ni mkweli.

Kanuni hiyo si ya maneno matupu. Fundi mmoja wa cherehani Gikomba alinionyesha kwa kanzu mbovu aliyokuwa akitaka kuikata vitambaa. Aliining'iniza kwenye mabega ya kijana wake wa kazi, akasimama mbele yake, akaishika kifuani na kumwambia amsukume. Kilichoachia ni mshono wa kifua, kwenye ule mpasuko wa shingo. Kisha akamwambia ageuke atoke mbio, akaikamata kwa nyuma. Ukosi ulimkaba kijana kidogo, mshono wa kisogoni ukaachia, na kitambaa kikachanika kuelekea chini kwa kufuata uzi. "Huwezi kuchana mgongo wa mtu anayekukabili," akasema, "mpaka umzunguke." Shahidi wa Kurani hakuhitaji kuwapo wakati wa tukio. Alihitaji kujua mtu anaelekeaje anapopasuliwa nguo.

Shahidi huyo ni nani, wafasiri wanatofautiana. Wengine wanasema alikuwa mtoto mchanga aliyezungumzishwa na Mungu, wengine mtu mzima mwenye busara wa ukoo wa mwanamke. Kwa akili yangu mtu mzima anaifanya hoja kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu mtoto akisema kwa muujiza mpasuko unakuwa wa ziada tu. Wanasheria wa Kiislamu waliichukua aya hii kama msingi wa kukubali ushahidi wa dalili pale ambapo hakuna aliyeona; Ibn al-Qayyim wa Dameski, aliyefariki mwaka 1350, ni mmoja wao.

Bwana anaitazama kanzu, imechanwa nyuma, na hukumu inatoka hapo hapo. Anamwambia mkewe kwamba hivi ni vitimbi vyenu wanawake. Anamwambia Yusufu aliachilie mbali jambo hili, na mwanamke aombe msamaha kwa kosa lake. Kesi imekwisha na Yusufu ameshinda.

Basi kwa nini alifungwa? Kwa sababu bwana alitaka jambo lizimwe, na halikuzimika. Wanawake wa mji wanaanza kusengenya kwamba mke wa Mheshimiwa, ndivyo Kurani inavyomwita bwana huyo, anamtaka kijana wake. Mke huyo anawaalika, anamkabidhi kila mmoja kisu, anamwita Yusufu apite mbele yao. Wanapomwona wanajikata mikono na kusema huyu si binadamu, ni malaika mtukufu. Ndipo anapowaambia: huyu ndiye mliyenilaumia, nami kweli nilimtaka, na asipofanya ninalomwamuru atafungwa. Hapo anakiri mbele ya mashahidi, na bado anatisha. Yusufu anaomba: Mola wangu, gereza linapendeza kwangu kuliko haya wanayoniitia. Na aya ya 35 inatoa jibu la swali la Mama Njeri kwa maneno machache makavu: baada ya kuziona dalili, waliona bora wamfunge kwa muda. Baada ya kuziona, si kabla. Watu wenye nyumba kubwa walimwondoa mtu asiye na hatia ili umbeya upoe. Atakayeona hilo ni jambo la Misri ya kale peke yake hajakaa Nairobi muda mrefu.

Karamu hiyo ya visu haimo katika Mwanzo, lakini imo katika masimulizi ya marabi, katika Midrashi Tanhuma, ambako wanawake wanajikata wakimenya ndimu kubwa. Wataalamu wanabishana nani alisikia kwa nani, kwa kuwa Midrashi hiyo ilikusanywa kwa muda mrefu na kuipa tarehe ni kazi ngumu. Jina la Zulekha, ambalo tenzi za pwani zinampa mwanamke huyu, halimo katika Kurani wala katika Mwanzo.

Kwa kuwa gereza lilikuwa la aina mbili, kutoka kwake nako ni kwa aina mbili. Katika Mwanzo 41 Farao anaota ng'ombe na masuke, mnyweshaji anamkumbuka Yusufu baada ya miaka miwili, wanamtoa shimoni mbio mbio, ananyolewa, anabadilishiwa nguo, anasimama mbele ya mfalme akiwa na miaka 30. Hakuna anayeuliza alifungwa kwa nini. Anatafsiri ndoto, anavikwa kitani safi, pete na mkufu wa dhahabu, na mke wa Potifa anatoweka kabisa kwenye kitabu. Jina la Yusufu halisafishwi popote. Anavalishwa cheo juu ya tuhuma. Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo kazi nyingine ya nguo katika Mwanzo: anavuliwa anaposhushwa, anavikwa anapopandishwa.

Katika Kurani mjumbe wa mfalme anafika gerezani na Yusufu anakataa kutoka. Rudi kwa bwana wako, anamwambia, umuulize wale wanawake waliojikata mikono wana habari gani. Kufikia hapo ameshamtafsiria mfalme ndoto yake bila masharti, akiwa bado ndani. Anachokataa ni kutoka kwa hisani. Mfalme anawaita wanawake, wanasema hawakujua ubaya wowote kwake, na mke wa Mheshimiwa anasimama kusema: sasa kweli imedhihirika, mimi ndiye niliyemtaka. Kesi iliyozimwa nyumbani inasikilizwa upya mbele ya mfalme. Baada ya hapo tu ndipo Yusufu anapotoka, na anaomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi.

Kanzu ya tatu haina mwenzake katika Mwanzo. Ndugu wamekuja Misri kutafuta chakula, mambo ya kikombe cha mfalme kilichofichwa kwenye mzigo wa mdogo wao yamepita, Yusufu amejitambulisha na kuwaambia kwamba leo hakuna lawama juu yao. Kisha anawapa kanzu yake: ipelekeni mkamwekee baba yangu usoni, ataona. Msafara unapoondoka tu Misri, mzee aliye mbali anasema anasikia harufu ya Yusufu, na waliomzunguka wanamwona bado yumo katika upotovu wake wa zamani. Mbashiri anafika, anamwekea kanzu usoni, macho yanarudi. Na Yaakub anasema neno ambalo msomaji amelingojea tangu kanzu ya damu: sikuwaambia kwamba ninajua kutoka kwa Mungu msiyoyajua?

Katika Mwanzo 45 Yusufu naye anatuma nguo, lakini ni zawadi: kila ndugu nguo za kubadilisha, na Benyamini vipande 300 vya fedha na nguo mara tano. Wanapofika kwa Yakobo na kumwambia Yusufu yu hai, moyo wake unazimia kwa kuwa hawaamini. Ni haki yake, maana mara ya mwisho alipoletewa habari za Yusufu na watu hawa alionyeshwa kanzu. Kinachomrudisha ni magari ya kukokotwa yaliyotoka Misri. Na macho yake, ambayo Mwanzo 48 inasema yaliingia kiwi kwa uzee, hayaponywi. Katika sura ya 46 Mungu amemwahidi kitu kingine, kwamba Yusufu ataweka mkono wake juu ya macho yake, yaani mwana ndiye atakayemfumba macho siku ya kufa. Kwa simulizi moja mwana anamfungua baba macho, kwa nyingine anamfumba, na zote mbili ni heshima.

Kutokana na hayo yote, uzito wa simulizi unaangukia mabega tofauti. Mwanzo inahitaji mtu abadilike, kwa sababu hakuna aliyeijua kweli mapema. Anayebadilika ni Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kuuza. Katika sura ya 44 anatoa hotuba ndefu akiomba abaki mtumwa badala ya Benyamini, kwa kuwa hawezi kumwona baba yake akifa kwa huzuni mara ya pili, na hapo Yusufu anashindwa kujizuia. Kurani haina hotuba hiyo, na haiihitaji. Yusufu ameshajitambulisha kwa ndugu yake mdogo faraghani kabla ya kikombe kuwekwa mzigoni, na baba anajua. Waliobaki gizani ni ndugu wakubwa peke yao, na kilichobaki ni wao kukiri.

Wanakiri. Katika aya ya 97 wanamwambia baba yao: tuombee msamaha kwa dhambi zetu, hakika tulikuwa na makosa. Yusufu aliwasamehe pale pale, lakini Yaakub anasema nitawaombeeni, kwa wakati ujao, na wafasiri wanasema alikuwa akisubiri saa za alfajiri ambapo dua hukubaliwa.

Mkristo wa Nairobi akisikia habari ya kukiri huko, naomba afungue Mwanzo atafute mahali ambapo Yakobo anaambiwa kanzu ile ilipataje damu. Hatapaona. Wana wanafika na habari kwamba Yusufu yu hai, na kitabu hakisimulii kwamba walieleza alifikaje Misri. Baada ya mazishi, katika sura ya 50, wanaingiwa na hofu na kumpelekea Yusufu ujumbe kwamba baba aliagiza wasamehewe, agizo ambalo msomaji hakulisikia Yakobo akilitoa. Yusufu analia wanaposema hivyo. Nahmanidi, rabi wa Hispania wa karne ya 13, alilisoma hilo akahitimisha kwamba Yakobo hakuambiwa maisha yake yote kwamba wanawe walimuuza ndugu yao. Wana hawakuthubutu kusema kwa kuogopa laana yake, na Yusufu kwa wema wake hakutaka kuwashitaki.